Bwana harusi ameleta picha ya kichwa kisicho chake

SWALI

Shikamoo mshauri. Mimi ni kinyozi, kazini nina mwaka wa pili. Mteja wangu wa siku nyingi anaoa Jumamosi, zimebaki siku 24, leo ni Jumatano. Kaja na picha kwenye simu: kijana kapigwa fedi ya juu, pembeni ngozi tupu mpaka karibu na utosi, laini ya mbele imenyooka kama rula. Yeye panja zimeshaanza kuondoka, kisogoni ana kovu, na kila nikipitisha wembe kwenye ukosi anatoka vipele. Nywele zake sasa zina kama sentimita 4, miezi mitano hajanyoa. Nilipomwambia "hiyo haitakupendeza" alinuna, halafu akaanza kuuliza kama anyoe kipara kabisa yaishe. Akikaa kitini anajishikashika paji muda wote. Nikimfuata naogopa kumharibu, nikimkatalia atakwenda kwa mwingine. Nianzie wapi, na siku ya kumnyoa iwe lini?

*Kinyozi mwenye wasiwasi kuliko mteja*

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nianze na siku, maana hapo ndipo kazi yako yote itakaposimama. Mwite kesho, Alhamisi. Umnyoe kesho, kisha umnyoe tena Alhamisi ya wiki ya harusi. Kati ya hizo mbili kuna siku 21, na nywele za kichwani huota karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, yaani milimita 7 hivi katika muda huo. Ukikosea kesho pembeni, hata ukifika kwenye ngozi, siku ya kunyoa tena utakuwa na nywele za kutosha kuweka namba 2, ambayo ni milimita 6. Ukikosea Alhamisi ya mwisho hakuna cha kukuokoa.

Kuna faida nyingine ambayo vinyozi wengi hawaifikirii. Kesho kutwa yake, yaani Jumamosi hii, nywele utakazomnyoa kesho zitakuwa na umri uleule zitakaokuwa nao siku ya harusi: siku mbili. Mwambie siku hiyo avae shati au vazi lenyewe atakalovaa, na kama kuna kofia aivae, kisha apigwe picha na mtu mwingine kwa mwanga wa simu, mbele, pembeni zote mbili na nyuma. Hapo ataona kichwa chake cha harusi wiki tatu kabla ya harusi. Mtu mwenye hofu humwambii atulie, unampa kitu cha kutazama.

Sasa tumweke kitini. Usimfunge kitambaa kwanza. Mwache asimame mbele ya kioo, wewe simama nyuma yake hatua mbili, mtazame na mabega yake. Watu watamwona amesimama, tena na koti au vazi lenye ukosi, na fedi inayofaa kichwa kilichokaa peke yake inaweza kumfanya mtu mwenye shingo ndefu aonekane kama kichwa kimechomekwa. Kisha chukua ile picha yake, funika kwa kidole gumba nusu ya juu, uso na laini, umwachie pembeni tu. Muulize, "Hapa bado unapapenda?" Halafu geuza, funika pembeni, umwachie mbele. "Na hapa?"

Utaona mara nyingi picha nzima imependwa kwa ajili ya kitu kimoja. Tuseme mteja wako anajibu hivi:

"Pembeni napapenda, pamesafika. Huku mbele… yule laini yake inakaa vizuri tu."

"Yako wewe ina nini?"

"Si unaiona, fundi. Kila picha paji limejaa uso mzima."

Umeshapata ugonjwa. Hataki fedi ya juu, anataka usafi wa pembeni, na anaogopa panja. Kipara alichokitaja ni kukimbia hilohilo. Ndiyo maana "haitakupendeza" ilimkata: alisikia unamwambia kichwa chake kina kasoro, jambo analojua na ndilo lililomkosesha usingizi. Neno hilo livue kabisa katika kazi yako. Badala yake sema nywele zake zinafanya nini: "Hapa zimejaa, hapa ni nyembamba, kwa hiyo hapa tunaacha."

Mwombe akuonyeshe picha aliyojiona paji limejaa. Karibu hakika atakuwa amejipiga mwenyewe kwa urefu wa mkono. Kamera ikiwa karibu hivyo, kilicho mbele huvimba, na paji na pua ndivyo vilivyo mbele. Chukua simu yake, rudi nyuma mita 2, mpige picha kwa usawa wa macho, kisha ukate picha ibaki kichwa tu. Weka mbili hizo bega kwa bega. Usimwambie lolote, mwache alinganishe. Mpiga picha wa harusi hatasimama kwa urefu wa mkono.

Baada ya hapo ndipo ukague kichwa kwa vidole. Anzia kisogoni kwenye kovu. Pima kwa vidole vyako liko wapi kutoka mwisho wa nywele za ukosini. Tuseme liko vidole vinne juu, kama sentimita 7. Juu ya kovu nywele hazioti, na zile za jirani zikishuka chini ya milimita 3 halina tena pa kujificha, linatokea kama mchirizi mweupe. Kwa fedi ya juu ya kwenye picha, kovu lingekuwa katikati ya ngozi tupu. Kwa fedi ya chini inayoishia vidole viwili juu ya ukosi, litabaki ndani ya namba 2 na wageni hawatajua kama lipo. Hiyo si hoja ya ladha, na mteja hawezi kuipinga: mpe kioo cha mkono, tenganisha nywele kwa kitana, aone mwenyewe kovu na aone kidole chako kinaishia wapi. Ukiwa hapohapo tazama kama kuna mapunye au vidonda. Ukiona duara lenye magamba na nywele zilizokatika, usinyoe, mpeleke kwa daktari leo, kwa sababu mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa na mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi.

Halafu njoo mbele, kwenye laini. Lowesha vidole kidogo, laza nywele za mbele kurudi nyuma, tazama mizizi. Utaona sehemu mbili. Kuna nywele nene, nyeusi, zilizosimama kwa mstari usionyooka sana. Mbele yake kuna malaika, nyepesi, fupi, hazina rangi ya kutosha. Laini ya kweli ni ile ya kwanza. Malaika unaweza kuzisafisha, hazionekani zikirudi. Ile nene usiiguse hata kwa milimita moja, kwa sababu ukiisogeza nyuma ili inyooke kama ya kwenye picha, zile ulizozikata zitaota Jumamosi hiyohiyo. Theluthi ya milimita kwa siku ni kidogo, lakini nukta nyeusi kwenye paji linalong'aa chini ya taa huonekana kama kivuli, na bwana harusi atapigwa picha akiwa na laini mbili.

Akishikilia kwamba laini inyooke, usibishane. Chukua penseli nyeupe ya nyusi, mchoree laini anayoitaka juu ya nywele zake, kisha mwambie ahesabu nywele zilizo mbele ya mstari. Kwa mtu ambaye panja zimerudi, mstari ulionyooka hupita nyuma ya pembe mbili, na katikati pale kwenye nywele nzuri kabisa unakula sentimita nzima. Yaani paji analolikimbia utakuwa umemwongezea wewe. Nimeona hata wabishi wanafuta penseli wenyewe.

Sasa kunyoa. Osha nywele, kausha kabisa, chana mpaka zisimame zote, kwa sababu nywele za kujikunja zikiwa zimelala au zina unyevu zinakudanganya urefu. Anza juu, na anza ndefu. Namba haipandi, inashuka tu. Weka kitana cha namba 4, ambacho huacha milimita 13, upitishe kufuata mlalo wa nywele, toka utosini kuja mbele. Kumbuka kitana kilekile ukikipitisha kinyume cha mlalo kinaacha fupi zaidi, kwa hiyo amua njia moja na uikumbuke. Ukimaliza juu, zima mashine. Mpe kioo. "Hapa ni nne. Tubaki au tushuke moja?"

Kuzima mashine ni kwa makusudi. Mteja mwenye hofu mashine ikinguruma hafikiri, anaitikia tu, halafu anajuta nyumbani. Kukiwa kimya anatazama.

Kwa panja zilizopungua, nadhani mtashuka mpaka namba 3, milimita 10. Sababu ni hii: juu pakiwa pamejaa sentimita 4 na panja pana nywele nyembamba, jicho linaona ukuta na shimo. Ukipunguza juu, tofauti inapungua, na panja zinaanza kuonekana kama umbo la uso wake. Ikiwa kwa namba 3 bado pembe zinaita macho, usishushe kichwa kizima. Shusha namba 2 kwenye vidole viwili vya mbele tu, kisha unganisha kurudi nyuma kwa kitana cha 3 ukiwa unainua mkono polepole. Hapo ndipo pa kusimama. Chini ya hapo ngozi ya utosi huanza kung'aa kwenye picha za mwanga mkali.

Pembeni piga namba 2 kutoka sikioni mpaka pale kichwa kinapoanza kujipinda kuelekea juu. Usipite huo mpindo. Kisha weka namba 1, milimita 3, ishie vidole viwili juu ya sikio, na nyuma vidole viwili juu ya ukosi, chini kabisa ya kovu. Kisha ondoa kitana, fungua mkono wa mashine, upitishe kidole kimoja tu juu ya sikio. Ishia hapo. Usifunge mkono, usilete mashine ya kung'arisha, usifike kwenye ngozi. Usafi alioupenda kwenye picha ataupata, maana jicho linasoma mpito wa kutoka nyeusi kwenda nyepesi, halipimi kama mwisho wake ni ngozi au ni nywele fupi sana.

Mstari mweusi ukibaki kati ya namba 1 na 2, wengi hupandisha namba 1 juu zaidi, na fedi ya chini ikageuka ya kati bila mtu kukusudia. Mstari unafutwa kwa kuuendea wenyewe: kitana cha namba 1 na mkono umefunguliwa, gusa mstari kwa ncha ya kitana, kisha utoe mashine nje kama unachota, isipande. Miguso mifupi, kila mmoja ukiutazama. Ukiona bado, weka taa pembeni ya kichwa badala ya juu, ndipo utajua kama ni nywele zimezidi au ni kivuli cha mfupa.

Pa kuangalia kuliko pote ni pale fedi inapozunguka kutoka sikioni kuja panjani. Kwa kijana mwenye nywele kamili, kushusha panja mpaka ngozi huleta ukali mzuri. Kwa mteja wako, pembe ya mbele iliyokwisha kupoteza nywele itaungana na pembeni iliyonyolewa, na paji litaonekana limefika sikioni. Kwa hiyo fedi yake isije mbele kupita sharafa. Sharafa yenyewe iache na uzito wa namba 1, ifie chini taratibu, na juu yake panja ibaki namba 2. Kipande hicho cha nywele, hata kikiwa na upana wa sentimita 3 tu, ndicho kinachoshika uso usimwagike pembeni.

Laini sasa. Mashine ndogo, anza katikati ya paji, mikato mifupi kwenda kushoto, kisha rudi katikati uende kulia. Kwenye pembe usichonge kona kali. Fuata mviringo uliopo, ulainishe tu. Mtego wake unaujua: kushoto kumekaa chini kidogo, unakata, sasa kulia kumezidi, unakata, na baada ya mizunguko mitatu umerudisha laini nzima nusu sentimita. Jiwekee sheria ya kusawazisha mara moja, upande mmoja, basi. Uso wa mtu hauna pande mbili sawa, na aliyekaa mita 2 hataona milimita moja. Na rangi ya kupuliza kujazia laini, usimpake bwana harusi. Atatoka jasho, itashuka kwenye ukosi wa shati, tena kwenye mwanga mkali inaonekana kama wino.

Mwili wake nao unaharibu kazi bila wewe kujua. Mtu mwenye hofu hupandisha mabega, na mabega yakipanda ngozi ya shingo inajikunja, ukichora mstari wa ukosi hapo utakuta umepinda akisimama. Tena wengi hukunja nne. Mguu mmoja ukipanda juu ya mwingine nyonga inainama, bega linafuata, kichwa kinalala upande. Miguu yote miwili ikanyage kibao cha kiti, mwambie avute pumzi na kuitoa, ndipo ushike ukosi.

Na ukosini hakuna wembe. Sijali ataomba vipi. Nywele za kujikunja zikikatwa kwa wembe, hasa ngozi ikiwa imevutwa na ukipita kinyume, ncha inarudi chini ya ngozi ikiwa imechongoka, kisha inapojaribu kutoka inachoma pembeni. Nyingine inatoka, inajipinda, inaingia tena. Mwili unazipokea kama mwiba, unavimba. Vipele hivyo havitoki saa ileile, huja baada ya siku moja au mbili, maana yake wembe wa Alhamisi unazaa Jumamosi, palepale ukosi wa shati unaposugua. Tumia mashine ndogo, usivute ngozi, usiilalie, pita mara moja, iache milimita moja au pungufu kidogo. Usichonge ukosi mraba. Uache ufifie kufuata mwisho wa nywele zake, kwa sababu mstari wa mraba ukianza kuota unaonekana mchafu, na uliofifia hauna pa kuonekana. Vilivyopo sasa visitumbuliwe. Wiki tatu bila wembe, vingi vitakuwa vimelala. Vikiwa vigumu, vikubwa au vina usaha, hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi.

Jambo jingine la kumwandaa: kesho utakapoondoa nywele za miezi mitano, ngozi ya juu ya masikio na ya ukosi itakuwa nyepesi kuliko uso, maana haikuona jua. Ataona mkanda mweupe, ataogopa. Mwambie kabla hujaanza. Wiki tatu za kutembea hivyo zitaupunguza sana, na hii peke yake ingetosha kuwa sababu ya kumnyoa kesho.

Kuhusu kipara. Mjibu kwa uzito, usicheke. Kama ni uamuzi wake wa siku nyingi, na anaweza kunyoa kesho akaishi nacho wiki tatu, ni mtindo halali kwa mtu mwenye panja. Lakini kwake kovu litakuwa wazi, kichwa kizima kitakuwa na ngozi isiyo na jua, na mtu anayetoka vipele ukosini anaweza kutoka kichwani pia. Akishaona namba 3 kwenye kioo nina hakika hatalirudia. Akilirudia, fanyeni kesho, kamwe si Alhamisi ya mwisho.

Asipoondoka na furaha kamili kesho, una nafasi moja ya kumpa. Muulize kama anataka pembeni paonekane pasafi zaidi. Akisema ndiyo, pandisha ile sehemu isiyo na kitana kwa kidole kimoja juu ya masikio tu, nyuma uache palepale kwa ajili ya kovu. Hilo likikosea litaota. Laini ya mbele na panja usizifanyie biashara.

Kabla hajatoka andika namba zake kwenye karatasi: juu 3 kufuata mlalo, mbele vidole viwili 2, pembeni 2, vidole viwili 1, kidole kimoja bila kitana mkono wazi, nyuma ishia chini ya kovu, ukosi mashine. Piga picha pande nne. Alhamisi ya mwisho hakuna ubunifu, unasoma karatasi. Isipokuwa kama picha zake za Jumamosi zimeonyesha kitu: kofia inalaza nywele za juu, basi shuka nusu namba, ukosi wa vazi uko juu na unagusa fedi, basi ipandishe kidogo ikiwa kovu linaruhusu.

Siku hiyo mtengee saa moja na nusu, saa ambayo saluni haina watu. Wapambe wake wasubiri nje. Sijaona kitu kinachoharibu laini kama mtu wa tatu aliyesimama nyuma akisema "hapo bado." Meno ya mashine yasafishwe kwa dawa, yatiwe mafuta, na kila baada ya dakika chache yaguse kwenye kifundo cha mkono wako. Yakikuchoma wewe, yatamwacha na alama nyekundu ukosini. Kwa nini Alhamisi na si Ijumaa? Kwa sababu wekundu unapata siku nzima kutulia, na kama umeacha nywele mbili zimesimama nyuma ya sikio kuna Ijumaa ya kuziondoa. Kumnyoa Jumatatu ni mapema mno, kufikia Jumamosi milimita moja na nusu imerudi na fedi imefumba.

Ndevu sikuulizwa, lakini atakuuliza yeye. Mstari wa chini uwe vidole viwili juu ya kikoromeo, usiupandishe kwenye taya, maana akitabasamu au akigeuza shingo ngozi tupu itatokea. Akitaka piko au rangi nyingine nyeusi, jaribu kesho kwa tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko, lisubiri saa 48. Ikiwasha au ikivimba, asiipake popote. Rangi hizo nyeusi nyingi zina kemikali ambayo kwa baadhi ya watu huvimbisha uso mzima, na kuipaka kwa mara ya kwanza wiki ya harusi ni kucheza na macho yake.

Halafu kuna Ijumaa usiku. Atakupigia. Ataona unywele mmoja umevuka laini, au binamu yake amemwambia upande wa kulia umezidi, na kuna mashine ndani ya nyumba. Mwambie asiiwashe. Alowanishe kitambaa, akilaze kwenye laini dakika mbili, achane nywele, ajipige picha kwa mita 2 akutumie. Ikiwa kweli kuna unywele, nenda Jumamosi asubuhi na mashine ndogo peke yake mfukoni. Vitana viache saluni.